Faida Iliyolala Ghalani: Mwongozo wa Kupima Faida Inayotokana na Bidhaa Ambazo Hazijauzwa

Kiwanda kinaweza kuuza idadi ile ile ya bidhaa, kwa bei ile ile, kwa gharama zile zile, na bado kikaonyesha faida kubwa kuliko ya mwaka jana. Hakuna aliyeghushi hati, hakuna ankara ya uongo. Kilichofanyika ni kuzalisha zaidi ya kinachouzwa na kuiacha ziada ghalani. Hesabu zinazoandaliwa kwa mbinu ya gharama kamili huiona ziada hiyo kuwa mali, na mali hiyo huondoka na sehemu ya gharama ambazo zingeipunguza faida ya mwaka huu.

Nitachukua kiwanda kimoja cha mfano kinachotengeneza viti vya plastiki, nikifuate kwa miaka mitatu, kisha nionyeshe namna ya kuitenga faida ya mauzo na faida ya ghala. Kalamu, karatasi na kikokotoo vinatosha. Sarafu weka yako.

Jambo zima limefichwa mahali pamoja

Gharama za kiwanda ni za aina mbili. Ziko zinazofuata idadi ya viti: plastiki, rangi, vifungashio, umeme wa mashine. Ukitengeneza kiti kimoja zaidi, zinaongezeka. Na ziko zinazokuja hata mashine zikilala: kodi ya jengo, bima, mishahara ya wasimamizi, uchakavu wa mitambo. Hizi za pili ndizo gharama zisizobadilika za kiwanda, na ugomvi wote unazihusu hizo tu.

Kwa mbinu ya gharama badilifu, gharama zisizobadilika za mwaka hukatwa zote kwenye faida ya mwaka huo huo. Kodi ya mwaka huu ni mzigo wa mwaka huu, iwe umeuza au hukuuza.

Kwa mbinu ya gharama kamili, kodi hiyo hugawanywa kwa viti vilivyotengenezwa, na kila kiti hubebeshwa fungu lake. Kiti kikiuzwa, fungu linaingia kwenye gharama ya mauzo, yaani gharama ya kutengeneza vilivyouzwa, na kupunguza faida. Kiti kisipouzwa, fungu linakaa nacho ghalani, na kwenye mizania linasomeka kama mali. Kwa hiyo kodi iliyokwisha kulipwa, kwa miezi iliyokwisha kupita, inaweza kuvuka mwaka ikiwa imejificha ndani ya viti.

Ukilishika hilo, mengine yote ni kujumlisha na kutoa.

Hatua ya kwanza: tenganisha gharama kabla ya kugusa hesabu yoyote

Kiwanda chetu kinauza kiti kwa 100. Gharama badilifu ya kutengeneza kiti kimoja ni 40. Gharama zisizobadilika za kiwanda ni 300,000 kwa mwaka. Gharama za ofisi na mauzo ni 150,000 kwa mwaka, nazo hazibadiliki.

Hizi 150,000 ziweke kando tangu mwanzo. Mshahara wa mhasibu, matangazo na usafiri wa kupeleka bidhaa kwa mteja havibebeshwi kiti kwa mbinu yoyote kati ya hizi mbili. Vinakatwa mwaka vilipotokea. Kodi ya ghala la kuhifadhia viti vilivyokamilika nayo kwa kawaida iko huku. Nimeona watu wakiiingiza kwenye gharama ya bidhaa kwa sababu ghala liko ndani ya ua wa kiwanda, na kosa hilo linazidi kuivimbisha thamani ya stoki.

Mahali pagumu zaidi ni mishahara ya mafundi. Vitabu huiweka kwenye gharama badilifu, lakini kama mafundi wanalipwa kwa mwezi, wakitengeneza viti mia au elfu, mshahara wao una tabia ya kodi ya jengo. Ukiuacha upande wa gharama badilifu, hesabu yako itaonyesha faida ya ghala ndogo kuliko ilivyo. Usiamini jina la akaunti. Uliza: uzalishaji ukipungua kwa nusu mwezi ujao, malipo haya yatapungua? Jibu likiwa hapana, yahamishe.

Hatua ya pili: andika mwaka kwa mbinu zote mbili

Mwaka wa 1 kiwanda kinatengeneza viti 10,000 na kuuza vyote 10,000. Gharama zisizobadilika 300,000 zikigawanywa kwa viti 10,000, kila kiti kinabeba 30. Ongeza 40, gharama kamili ya kiti ni 70. Mauzo ni 1,000,000, gharama ya mauzo ni 700,000, faida ghafi ni 300,000. Toa 150,000 za ofisi na mauzo, inabaki faida ya 150,000.

Kwa mbinu ya gharama badilifu: 1,000,000 toa 400,000, toa 300,000, toa 150,000. Ni 150,000 vilevile. Kilichotengenezwa chote kimeuzwa, kwa hiyo hakuna pa kujificha.

Mwaka wa 2 soko halijasogea. Wateja wananunua viti 10,000 tena, kwa 100 tena. Lakini meneja anaamuru mashine zizunguke hadi viti 15,000.

Sasa 300,000 inagawanywa kwa viti 15,000, na kila kiti kinabeba 20 badala ya 30. Gharama kamili ya kiti imeshuka hadi 60. Gharama ya mauzo ya viti 10,000 ni 600,000, faida ghafi inakuwa 400,000, na baada ya kutoa 150,000 inabaki 250,000.

Faida imepanda kwa 100,000, na hakuna mteja hata mmoja aliyeongezeka. Kwa mbinu ya gharama badilifu mwaka huo huo bado ni 150,000, kwa sababu mbinu hiyo huangalia viti vilivyouzwa, na vimeuzwa vile vile.

Iko wapi hiyo 100,000? Nenda ghalani. Kuna viti 5,000, kila kimoja kimebeba 20 ya kodi, bima na uchakavu. Mara 5,000 ni 100,000 kamili. Kwenye mizania viti hivyo vinasomeka 300,000, ambamo 200,000 ni plastiki, rangi na mengine yanayofuata kiti, na 100,000 ni gharama ya mwaka huo iliyovaa nguo ya mali.

Meneja akisimama mbele ya bodi na kusema amepunguza gharama ya kiti kutoka 70 hadi 60, hasemi uongo. Kwa kila kiti imeshuka kweli. Ila kiwanda hakijaokoa chochote: kodi ni ile ile, na kimenunua plastiki ya viti 5,000 ambavyo hakuna aliyeviagiza.

Hatua ya tatu: patanisha faida mbili

Kipimo cha kutenga faida ya ghala ni hiki:

```
Tofauti ya faida = gharama zisizobadilika ndani ya stoki ya mwisho
                 - gharama zisizobadilika ndani ya stoki ya mwanzo
```

Mwaka wa 2: stoki ya mwisho imebeba 100,000, ya mwanzo haikuwepo. Tofauti ni 100,000. Toa kwenye 250,000, unapata 150,000 iliyotokana na mauzo. Hesabu imekubali.

Ipo njia ya mkato inayozoeleka: chukua ongezeko la stoki kwa idadi, zidisha kwa fungu la kila kiti la mwaka huu. Kwa Mwaka wa 2 inatoa jibu sahihi, ndiyo maana watu wanaiamini. Mwaka wa 3 unawaumbua.

Tuseme Mwaka wa 3 bodi inaamuru ghala lisafishwe. Kiwanda kinatengeneza viti 5,000 tu na kuuza 10,000, kikianza na vile vya zamani. Sasa 300,000 inabebwa na viti 5,000, fungu ni 60 kwa kiti, na gharama kamili ya kiti kipya inaruka hadi 100. Gharama ya mauzo ni viti 5,000 vya zamani kwa 60, yaani 300,000, na 5,000 vipya kwa 100, yaani 500,000. Jumla 800,000. Mauzo 1,000,000, toa 800,000, toa 150,000: faida ni 50,000.

Kwa njia ya mkato ungesema stoki imepungua kwa viti 5,000, mara 60, kwa hiyo faida imepungua kwa 300,000. Si kweli. Viti vilivyotoka ghalani vilibeba 20 kila kimoja, si 60. Tofauti sahihi ni sifuri toa 100,000. Faida ya gharama badilifu ni 150,000, na 50,000 ni pungufu yake kwa 100,000 hasa. Kwa hiyo kila stoki ihesabu kwa fungu la mwaka ilipotengenezwa.

Angalia pia huyo meneja wa Mwaka wa 3. Amefanya jambo la busara, ameuza mzigo uliolala, na hesabu zinamwonyesha kuwa ameshindwa. Kisa hiki ni cha zamani: mwaka 1936 mhasibu Mmarekani Jonathan Harris alitetea mbinu ya gharama badilifu akianzia kwenye fumbo hili hili, mauzo yamepanda na faida imeshuka, na bosi anataka maelezo.

Hatua ya nne: weka fedha taslimu pembeni

Kama huwezi kupata mgawanyo wa gharama, fedha taslimu itakwambia. Kurahisisha, chukulia kila kitu kinalipwa taslimu.

| | Mwaka wa 1 | Mwaka wa 2 | Mwaka wa 3 |
|---|---|---|---|
| Viti vilivyotengenezwa | 10,000 | 15,000 | 5,000 |
| Viti vilivyouzwa | 10,000 | 10,000 | 10,000 |
| Faida, gharama kamili | 150,000 | 250,000 | 50,000 |
| Faida, gharama badilifu | 150,000 | 150,000 | 150,000 |
| Fedha iliyoingia au kutoka | 150,000 | −50,000 | 350,000 |

Mwaka wa faida kubwa kuliko yote ndio mwaka fedha ilipotoka mfukoni. Kiwanda kilitumia 200,000 zaidi kununua vya kutengenezea viti 5,000, na hakikupata hata senti kwa ajili yake. Jumlisha miaka mitatu: faida ya mbinu zote mbili ni 450,000, na fedha ni 450,000. Mbinu ya gharama kamili haikuumba faida, iliihamisha kutoka mwaka mmoja hadi mwingine. Lakini bonasi hulipwa kwa mwaka, gawio hutangazwa kwa mwaka, na mkopo huombwa kwa hesabu za mwaka.

Je, meneja akikataa kushusha stoki? Tuseme Mwaka wa 3 anatengeneza 15,000 tena na kuuza 10,000. Faida inabaki 250,000, na ghala sasa lina viti 10,000, mauzo ya mwaka mzima. Kubakiza faida pale ilipo kwa muda mrefu, bila hata kuipandisha, kunamlazimu aongeze viti 5,000 kila mwaka. Akisimama kuongeza, faida inarudi 150,000 mara viti vya zamani vyenye fungu la 20 vinapokwisha. Akilisafisha ghala, inashuka chini ya hapo. Ni kama kupanda ngazi zinazoteremka: ukisimama, unashuka.

Kanuni inazuia nini, na inaachia nini

Wengi hudhani viwango vya uhasibu vimeshaziba mwanya huu. Vimeziba nusu.

Kiwango cha kimataifa cha IAS 2 kinataka hesabu za kutoa nje zitumie gharama kamili, na fungu la gharama zisizobadilika lipangwe kwa uwezo wa kawaida wa uzalishaji. Mwaka wa uzalishaji mdogo usio wa kawaida, huruhusiwi kulipandisha fungu; gharama iliyokosa kiti cha kuibeba inakatwa moja kwa moja. Kwenye Mwaka wa 3 wetu, viti vyote viliuzwa, kwa hiyo faida ingebaki 50,000. Kama baadhi vingebaki, visingeruhusiwa kuingia mizania kwa 100 kila kimoja.

Upande wa pili ni wa maana zaidi. Chukulia uwezo wa kawaida ni viti 10,000 na fungu la bajeti ni 30. Ukitengeneza 15,000 na kubebesha 30 kila kimoja, umebebesha 450,000 wakati gharama halisi ni 300,000. Ile 150,000 ya ziada ikirudishwa yote kwenye faida, unapata faida ya 300,000, na stoki inasomeka 350,000. Hiyo IAS 2 inaikataza: uzalishaji ukiwa mkubwa kupita kawaida, fungu lazima lipunguzwe ili stoki isizidi gharama halisi. Fungu linarudi 20, faida inarudi 250,000. Ukikagua hesabu za ndani, tafuta kwanza hii 150,000 iliyobebeshwa kupita kiasi na uulize ilipelekwa wapi, maana baadhi ya mifumo ya kompyuta huipeleka yote kwenye gharama ya mauzo bila kuigawa na stoki.

Lakini 250,000 yenyewe kanuni inaikubali.

Kinga nyingine ni kwamba stoki haitakiwi kuzidi kile kitakachopatikana ikiuzwa, baada ya kutoa gharama za kuiuza. Kama viti 5,000 vitauzika kwa 55 na kila kimoja kinahitaji 5 kukiuza, thamani yake ni 50, si 60. Unakata 50,000, na faida ya Mwaka wa 2 inashuka hadi 200,000. Kinga hii inafanya kazi pale tu mtu anapokubali kwamba bei itashuka. Meneja atakuonyesha ankara za mwezi uliopita kwa 100 na kusema stoki iko salama. Swali si bei ya kiti cha mwisho kuuzwa, ni bei ambayo soko la viti 10,000 kwa mwaka litaipokea likimwagiwa 15,000.

Dalili unazoweza kuziona kwa macho

Miaka kadhaa iliyopita nilishiriki kuhesabu bidhaa za kiwanda kimoja mwishoni mwa mwaka. Maboksi yalikuwa yamepangwa hadi kuziba mlango wa dharura. Tulikuwa tunajaza idadi kwenye karatasi, na mwenzangu akaanza kuandika pia tarehe za uzalishaji zilizogongwa kwenye lebo. Karibu zote zilikuwa za wiki sita za mwisho wa mwaka. Tukaomba kitabu cha oda za miezi miwili iliyofuata. Oda zilikuwa za kawaida kabisa, hazikufika hata robo ya kilichokuwa mbele yetu. Bonasi ya uongozi ilikuwa inakokotolewa kwa faida ya mwaka. Hakuna aliyevunja kanuni ya uhasibu, na hesabu zilipita. Mwaka uliofuata faida ilianguka na mafundi wakapunguzwa, na hilo ndilo linalonifanya nilichukulie jambo hili kwa uzito, kwa sababu waliolipa si waliopokea bonasi.

Tangu siku hiyo tarehe za lebo ndizo naanza nazo. Uzalishaji ukiwa umesambaa mwaka mzima, stoki kubwa inaweza kuwa mauzo yaliyodorora. Ukiwa umerundikana kabla tu ya kufunga hesabu, mtu aliamua.

Kwa anayesoma hesabu akiwa nje, mgawanyo wa gharama hautauona, kwa hiyo tazama vitu vitatu kwa pamoja. Faida ghafi kwa kila 100 ya mauzo imepanda wakati bei haikupanda: kwetu ilitoka 30 hadi 40. Stoki imekua haraka kuliko mauzo. Na fedha kutoka shughuli za kila siku imeshuka wakati faida inapanda. Kimoja peke yake kina maelezo mengi yasiyo na ubaya. Vyote vitatu vikija mwaka mmoja, omba maelezo ya stoki kabla ya kuamini faida.

Tahadhari moja kabla ya kumnyooshea mtu kidole. Kiwanda kinachouza kwa msimu lazima kijaze ghala kabla ya msimu, na kinachosubiri kufunga mtambo kwa matengenezo kitajiwekea akiba. Hapo stoki ina tarehe ya kuondoka, na unaweza kuiona kwenye oda au kwenye stoki ya tarehe hiyo hiyo mwaka uliotangulia. Linganisha mwezi na mwezi wake wa mwaka jana, si na mwezi uliopita.

Ukiwa wewe ndiye unayepanga bonasi

Huwezi kuacha gharama kamili kwenye hesabu za nje, lakini hakuna kinachokulazimisha kuwapima mameneja kwazo. Tengeneza taarifa ya pili ya ndani kwa gharama badilifu na uifunge na ile ya kwanza kwa mstari mmoja wa upatanisho wa hatua ya tatu. Bonasi ikokotolewe kwenye ile ya ndani. Kwa kiwanda chetu, Mwaka wa 2 ungesomeka hivi: faida ya mauzo 150,000, gharama zisizobadilika zilizoingia ghalani 100,000, faida iliyoripotiwa 250,000. Mstari wa katikati ukionekana mbele ya bodi kila robo mwaka, meneja atalazimika kueleza viti 5,000 ni vya nani.

Kama taarifa mbili ni nyingi mno kwa ofisi ndogo, toza kila idara riba ya ndani kwa stoki inayoishikilia, kwa kiwango kile kile benki inachokutoza wewe. Kwa stoki ya 300,000 na riba ya 15 kwa 100, idara inakatwa 45,000 kwa mwaka. Hiyo haifuti 100,000 yote, kwa hiyo peke yake haitoshi pale bonasi ni kubwa. Itumie pamoja na kikomo cha stoki, mfano mauzo ya siku 45, na kinachozidi kikomo kihesabiwe kwa gharama badilifu tu wakati wa kukokotoa bonasi.